Mkulima akiuliza "Upo?", karani ajibu nini

Swali: "Mimi ni karani wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wilayani Newala, na simu ya chama ninaishika mimi. Kila msimu wa korosho napokea meseji za 'Upo?' na 'Halo', na wakipiga ni 'Unanisikia?' tu. Nikijibu 'Nipo' wananyamaza, halafu kesho yake wanakuja ofisini kulalamika kwamba sikuwajibu. Nakosea wapi, na nijibu nini?"

Jibu:

Ndugu Karani, "Nipo" yako ni ya kweli, lakini haimpi mkulima kile anachokingoja. Anayeandika "Upo?" kwenye simu ya chama anabisha hodi. Mtu akibisha hodi mlangoni kwako, ukamjibu "Nimo ndani" ukanyamaza, atabaki amesimama pale pale nje, kwa sababu hajasikia "Karibu". Akingoja kidogo akaona kimya, ataondoka, na huko aendako atasema kwamba hukumfungulia. Ndivyo anavyosema mkulima wako kesho yake anapofika ofisini, na kwa upande wake hasemi uongo.

Katika neno lake hilo moja kuna mambo matatu anayotaka kuyajua kabla hajasema shida yake. La kwanza ni kama ujumbe umefika, maana huko aliko mtandao hupatikana kwa kubahatisha na vocha ya kupotezea hana. La pili ni nani ameishika simu. La tatu ni kama sasa ni zamu yake kusema. "Nipo" hujibu la kwanza vizuri, hujibu la pili nusu nusu, na la tatu hailigusi kabisa.

Hilo la pili ndilo ambalo makarani wengi hulidharau, nami naomba ulitazame kwa makini. Namba ya chama hubaki ile ile huku makarani wakibadilika. Mkulima aliyekuwa akizungumza na mwenzako msimu uliopita hajui kama leo atasoma yule yule, au wewe, au mtoto wa mwenyekiti aliyeachiwa simu ichajiwe nyumbani. Shida aliyo nayo mara nyingi ni ya fedha. Amepeleka korosho zake, zimepimwa, zimeingia kwenye stakabadhi ghalani, mnada umepita, na fedha hazijaonekana kwenye akaunti yake. Au stakabadhi aliyopewa inaonyesha kilo pungufu ya zile alizoziona kwenye mizani. Mambo hayo hayaandikwi kwa mtu usiyemjua, hasa katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu amewahi kupokea meseji ya "ile pesa tuma kwa namba hii". Kwa hiyo anayeanza na "Upo?" hajakosa la kusema, anaangalia kwanza ni nani aliyefungua mlango.

Ndiyo maana sikushauri ushike njia ya mkato inayopendwa na ofisi nyingi, ya kumjibu mtu "Tafadhali eleza shida yako moja kwa moja." Mimi mwenyewe niliwahi kuishika. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya simu nilikuwa kwa msambazaji mmoja wa pembejeo mjini Mtwara, na siku hiyo, wakati wa kupulizia salfa, mkulima wa upande wa Lindi aliniandikia asubuhi "Upo". Nilimjibu kwa sentensi ile ile, nikaona nimeokoa muda wa wote wawili. Hakuandika tena. Siku ya tatu alipiga simu, ndipo nikajua kwamba mfuko mmoja wa salfa aliyouziwa ulikuwa umepata maji na unga umeshikana mabonge, na alitaka tu kuuliza kama ataweza kuutumia au aurudishe. Salfa ya unga hupuliziwa alfajiri majani yakiwa bado na umande, kwa hiyo asubuhi tatu alikuwa amekaa na mashine bila kazi, huku ugonjwa wa ubwiri unga ukiendelea kwenye maua ya mikorosho. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika siku ile ile, alinijibu kwa upole, "Nilidhani umekasirika." Sentensi yangu haikuwa na tusi, lakini ilimkosoa namna alivyobisha hodi, na mtu akikosolewa mlangoni haingii.

Sasa tuchukue ujumbe mmoja tuushone pamoja. Tuseme ni siku ya kazi, saa nane mchana, namba usiyoijua imeandika "Upo?" na basi. Ningemjibu hivi:

"Ndiyo, nipo. Ni karani wa chama, simu ya ofisi. Ujumbe wako umefika. Karibu useme jambo lako, nitakujibu leo kabla ya saa kumi."

Jibu linaanza na neno alilolingoja, "Ndiyo, nipo", ili hata mwenye simu ndogo inayoonyesha mstari mmoja tu wa ujumbe alione kabla hajaufungua. Kisha linamwambia amempata nani, kwa cheo na kwa ofisi. Ukitaka kuongeza jina lako ongeza, lakini cheo kisikosekane, kwa kuwa jina la karani mgeni halimwambii mkulima kitu. Neno "Karibu" ndilo linalompa zamu ya kusema. Na mwisho kuna ahadi ya muda, ambayo ndiyo inayomzuia kuandika tena "Upo?" baada ya dakika kumi. Ahadi hiyo iweke ndefu kuliko unavyohitaji. Ukijua utamaliza saa tisa, sema kabla ya saa kumi. Karani anayeahidi "sasa hivi" wakati foleni ya mizani iko nje anajitengenezea malalamiko kwa mkono wake mwenyewe.

Angalia pia lilichokiacha jibu hilo. Halina jina la mkulima, halina kilo wala kiasi cha fedha, hata kama namba hiyo unaitambua. Simu za vijijini huazimwa, na anayeuliza "Upo?" anaweza kuwa kijana wa jirani. Mambo ya mtu yaje baada ya yeye kujitambulisha na wewe kumwangalia kwenye daftari la wanachama.

Ujumbe ule una herufi 127 ukihesabu na nafasi, na sikuupima hivyo kwa kupenda hesabu. Meseji ya kawaida moja hubeba herufi 160, mradi zote ziwe zile za kawaida. Ukitia alama moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, kama kile kikaragosi cha uso unaotabasamu, ujumbe wote hubadilishiwa namna ya kuandikwa na nafasi hushuka hadi herufi 70 kwa meseji moja. Jibu letu la herufi 127 likiongezewa kikaragosi linakatwa vipande viwili. Unatozwa meseji mbili, na mtandao ukiwa dhaifu vipande vinaweza kuchelewa kukutana au kimoja kikakosekana. Mtego mwingine ni mdogo zaidi na unawanasa hasa waandishi wa Kiswahili. Simu nyingine hugeuza zenyewe ile alama ya juu katika "ng'ombe" au "ng'oa" kutoka iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda nayo imo katika zile za nje. Ukiona simu yako inaonyesha meseji mbili pale ulipotarajia moja, tafuta alama hiyo kwanza. Kwenye WhatsApp jambo hili halikuhusu, lakini wakulima wako wengi wana simu za vitufe, na upole unaweza kuonyeshwa na neno "Karibu" bila kuchorewa uso.

Kuhusu salamu, hapa panahitaji busara kuliko kanuni. Mtu akiandika "Shikamoo, upo?", ameleta mambo mawili, na la kwanza lazima lijibiwe kwanza: "Marahaba, ndiyo nipo." Ukiruka marahaba ukaenda moja kwa moja kwenye "Karibu useme jambo lako", jibu litaonekana limetoka kwenye mashine, au kwa mtu asiyelelewa. Ugumu unakuja pale "Upo?" inapokuja peke yake, kwa kuwa hujui kama ni mzee wa miaka 70 anayestahili shikamoo yako au kijana wa miaka 20 atakayeona unamfanyia mzaha. Mimi huanza na salamu isiyo na umri, "Habari za mchana", na nikishamjua ndipo namwita baba, mama, mzee au ndugu. Salamu hiyo haihitaji kumnyang'anya "Ndiyo, nipo" nafasi yake ya mbele. Iweke baada yake. Bado utakuwa ndani ya herufi 160.

Kuna wachache pia ambao "Upo?" yao ni salamu tu, kama vile mtu anavyokupungia mkono akipita barabarani. Hao watakujibu "Haya, nilikuwa nakusalimu." Usiwaonee uchungu meseji yako iliyokwenda.

Ujumbe ukichelewa kuonekana, jibu libadilike. Tuseme mkulima aliandika saa nne asubuhi wewe ukiwa ghalani, na umeuona saa kumi jioni. Ukimjibu "Nipo" wakati huo, humwambii kama ulikuwepo saa nne ukampuuza au ndiyo kwanza umefika, na anaweza hata kudhani unajibu ujumbe wake mwingine. Mwandikie: "Habari za jioni. Meseji yako ya saa nne asubuhi nimeiona sasa, nilikuwa ghalani. Karani wa chama hapa, sasa nipo. Karibu." Kuitaja saa ya ujumbe wake kunamwonyesha ni hodi ipi unayoijibu, na kusema ulikokuwa, kwa maneno mawili tu, kunatosha. Maelezo marefu ya kujitetea hayana faida kwake.

Kwa wale wanaokuandikia kwa WhatsApp, kumbuka kwamba wanaona zaidi ya unavyodhani. Alama moja ya vema ya kijivu kwenye ujumbe wao inawaambia umetoka kwao. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu yako. Mbili za buluu, umefunguliwa. Mkulima akiona buluu kisha kimya cha saa tatu, hawezi kufikiri kwamba ulikuwa unapima gunia la mtu huku simu ikiwa imefunguka mfukoni. Kama huwezi kujibu vizuri wakati huo, ni afadhali usiufungue ujumbe mpaka uweze. Na tumia alama hizo hizo kwa faida yako: ukimjibu, naye akarudia "Upo?", tazama jibu lako lina alama ngapi. Likiwa na moja tu, halijafika kwake, na hakuna haja ya kulirudia hapo hapo; mtumie meseji ya kawaida. Likiwa na mbili, limefika, basi huenda kuna kitu ndani ya jibu lako hakikumtosheleza, na mara nyingi ni kwamba hukusema wewe ni nani.

Sasa tuje kwenye simu ya sauti, maana "Unanisikia?" ni swali la namna nyingine. Anayeuliza hivyo hakuulizi kama upo. Anauliza kama maneno yake yanafika yakiwa mazima, na jibu la "Ndiyo" tupu lina ubaya wa aina mbili. Kwanza, sauti ya simu ikitoka kwenye ukimya, mwanzo wa neno la kwanza wakati mwingine humezwa, kwa hiyo neno fupi linaweza kupotea lote na yeye akasikia kimya. Pili, hata akilisikia, halimwambii umemsikia hadi wapi. Jibu jema lina urefu kidogo na lina kituo: "Ndiyo, nakusikia vizuri, baba. Nimekusikia mpaka uliposema gunia la tano." Hapo anajua aendelee kutoka gunia la sita, na haanzi hadithi upya tangu siku alipookota korosho shambani.

Waendesha redio wa vyombo vya majini wanalijua hili siku nyingi. Akiulizwa kama anasikika, mwendesha redio hajibu ndiyo tu, bali husema anasikika kwa kiwango gani, kwa kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni sauti isiyofaa kitu na 5 ni sauti safi kabisa. Wewe huna haja ya namba hizo, lakini chukua tabia yenyewe. Kama sauti inakatika, sema inakatika na useme ni wapi: "Nakusikia, ila inakatika unapotaja kilo." Mtu akiambiwa hivyo atasogea nje ya banda la mabati au atapunguza mwendo. Akiambiwa "Ndiyo ndiyo" ataendelea kuongea na wewe utaendelea kubahatisha.

Kubahatisha huko ndiko kunakoleta hasara. Mkulima anasema kilo mia tatu na arobaini, simu inakata kidogo, wewe unasikia mia tatu tu. Ukiandika 300 badala ya 340, umemwondolea kilo 40 kwa sababu tu uliona haya kumwambia hukumsikia vizuri. Rudia tarakimu moja moja: "Nimesikia tatu, nne, sifuri, daraja la kwanza. Ndivyo?" Ungoje aseme ndivyo. Simu ikiwa na ucheleweshaji, hesabu moja kimoyomoyo baada ya yeye kunyamaza ndipo useme, la sivyo mtasema pamoja, mtanyamaza pamoja, na "Unanisikia?" itaanza tena.

Wakati mwingine wewe unamsikia vizuri kabisa lakini yeye hakusikii. Dalili yake ni kwamba majibu yako hayabadilishi maneno yake: unasema "Nakusikia baba", naye anaendelea na "Halo? Halo? Unanisikia?" kwa mwendo ule ule kana kwamba hakuna mtu. Hapo kupaza sauti hakusaidii, kwa kuwa njia ya sauti yako kwenda kwake ndiyo iliyokatika. Sema mara moja zaidi, kata simu, kisha umwandikie: "Mimi nakusikia ila wewe hunisikii. Usipige, nitakupigia mimi baada ya dakika mbili. Karani wa chama." Neno "usipige" lina kazi yake. Msipoambizana nani atapiga, mtapigiana kwa wakati mmoja, kila mmoja akute mwenzake anatumika, na mkulima ataamini umemzimia simu.

Limebaki suala la saa ambazo hupo kweli. Kama chama kinatumia WhatsApp Business, utakuta kwenye Business tools sehemu iitwayo Away message, ambayo hujibu yenyewe kwa ratiba utakayoipanga, na nyingine iitwayo Greeting message, inayomwendea mtu anayeandika kwa mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Zote ni nzuri kwa sharti moja: zisiseme "Nipo." Mashine ikimjibu mkulima saa tatu usiku "Ndiyo, nipo, karibu", atamimina shida yake yote, kisha atakaa akisubiri mtu ambaye amelala, na kuanzia hapo hataiamini hata "Nipo" yako ya kweli. Iandike ukweli ulivyo: "Ujumbe wako umefika kwenye simu ya chama. Sasa ofisi imefungwa. Unaweza kuandika jambo lako sasa, karani atalisoma kesho saa mbili asubuhi." Tena ujue kwamba jibu hilo la ratiba halitoki kama simu ya chama imezimwa au haina intaneti, kwa hiyo usiende nayo mahali pasipo mtandao ukidhani inakujibia.

Jibu la mchana lile la herufi 127 unaweza kulihifadhi kwenye Quick replies na ukaliita kwa kuandika alama ya / na neno fupi, mathalani /nipo. Lihifadhi bila ile sehemu ya saa ya ahadi, uiandike kwa mkono kila mara, kwa kuwa saa ya jana ikitoka leo jioni itakuumbua. Kisha, kwa wiki moja ya mnada, weka daftari kando ya simu. Kila "Upo?" inapoingia piga mstari, na kila mara mtu huyo anapoandika jambo lake baada ya jibu lako, katisha mstari huo. Mistari isiyokatishwa ikiwa mingi, chukua mitano uwapigie wenyewe, uwaulize walikuwa wanataka nini. Watakachokuambia ndicho utakachokirekebisha katika maneno ya jibu lako, na huenda kikawa kitu ambacho mimi niliye mbali na ofisi yako nisingeweza kukiona.